Sisi tuna milioni 24, mzee ana milioni 16 na anataka kura zilingane na pesa yake: tusajili kampuni au chama cha ushirika?

Alizeti_Kongwa
Wakuu, habari za jioni. Tuko wakulima 34 wa alizeti, vijiji viwili jirani. Tunataka kununua mashine ya kukamua mafuta, kichujio, na kumalizia jengo ambalo boma lake limeshasimama. Jumla ni shilingi milioni 40. Sisi 33 tumejichanga tukafikisha milioni 24, wengi wametoa laki tano tano, wengine zaidi ya hapo. Aliyebaki ni mzee wetu mmoja, analima lakini kazi yake kubwa ni duka na lori. Yeye anasema ataweka milioni 16 zote zilizobaki.

Sharti lake ni moja: tusajili kampuni, na yeye ahesabiwe asilimia 40. Anasema ushirika ni mambo ya zamani, mtu mwenye laki tano hawezi kuwa na sauti sawa na mwenye milioni 16. Wengine wetu tunaona ana haki, pesa ni yake. Wengine tunaogopa. Naomba mtu anieleze kwa uhalisia, siyo kwa maneno ya semina, tofauti itatugusa wapi.

Simba_wa_Njia
Kampuni mkuu, wala usisumbuke. BRELA unasajili kwa mtandao ukiwa nyumbani. Ushirika utazungushwa na afisa ushirika, andiko la mradi, mkutano wa kuanzisha, masharti ya chama, miezi inapita. Halafu huko kwenye kampuni mnapiga kura kwa kunyoosha mikono, kila mtu mkono wake mmoja. Mzee hana mikono 16. Hofu ya nini?

Mama_Ghala
Simba, umesema nusu. Ni kweli kwenye mkutano wa kampuni watu huanza kwa kunyoosha mikono, na hapo kila mwanahisa aliyepo ana kura moja. Ila katiba za kampuni nyingi zinampa mwenye hisa za kutosha haki ya kudai kura ihesabiwe kwa hisa. Akishadai, ile mikono haina kazi tena. Hisa milioni 16 zinapiga kura kama milioni 16. Na asipokuja, anamtuma mtu na karatasi ya uwakilishi ampigie.

Nimekuwa mtunza hazina wa chama cha mazao muda mrefu, acha nimjibu mwenye uzi taratibu.

Ndugu, kabla ya kura anza na swali la nani anaingia. Umesema mko 34. Hivyo vijiji viwili vina kaya ngapi zinazolima alizeti? Mashine ikianza kufanya kazi vizuri watakuja wengine wanataka kuwa ndani. Kampuni binafsi kwa sheria yetu ina kikomo cha wanahisa 50, ukiacha wafanyakazi wake. Tena hata kabla ya kufika 50, anayetaka kuingia lazima auziwe hisa na mtu au bodi ikubali kutoa mpya, na kila hisa mpya inapunguza uzito wa waliotangulia. Kwa hiyo waliomo wana sababu ya kufunga mlango. Chama cha ushirika kinajengwa kinyume chake: anayelima zao hilo katika eneo la chama, akikubali masharti, akalipa kiingilio na hisa za kuanzia, anapokelewa. Kwenu watu wakiongezeka ni kilo zinaongezeka kwenye mashine, na mashine inayokaa bure siku nne kwa wiki ndiyo inayoua miradi hii.

Kwa chama cha mazao, idadi yenu inatosha kuanza.

Alizeti_Kongwa
Kaya zinazolima ni zaidi ya 200, Mama. Hilo la 50 hatukulijua kabisa. Mzee yeye hata anasema wengine waje tu kukamulisha kwa kulipia, wasiingie.

Mama_Ghala
Hapo ndipo mtajua anataka nini. Akiwa na kampuni, mwanakijiji anayekamulisha ni mteja, na bei ya kukamua ikipanda mwenye hisa anafurahi. Kwenye chama, anayekamulisha ndiye mwenye mashine. Simlaumu mzee, mtu yeyote mwenye pesa angeona hivyo. Lakini mjue mnachagua biashara ya nani.

Mchaga_Mstaafu
Samahani, lakini mnachanganya watu. Ushirika nao ni kampuni tu. KNCU pale Moshi jina lake limeandikwa "KNCU (1984) Ltd". Hiyo "Ltd" ni nini kama siyo kampuni?

Mama_Ghala
Baba, shikamoo. Hiyo "Ltd" inasema wajibu wa wanachama kwa madeni ya chama una ukomo, haisemi kwamba ni kampuni. KNCU iliandikishwa 1933 kwa sheria ya ushirika iliyotungwa 1932, na hiyo 1984 kwenye jina inatokana na historia unayoijua kuliko mimi: serikali ilivifuta vyama vikuu 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, ndipo KNCU ikaandikishwa upya. Mlezi wake ni Mrajis wa Vyama vya Ushirika, siyo BRELA. Leo vyama vyote vya bara viko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Mchaga_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hayo ya 1976 nayakumbuka vizuri, tulilala na chama tukaamka tuna mamlaka ya kahawa. Ndiyo maana nikisikia ushirika nakuwa mzito. Ila kwa jina nimekuelewa.

Majani_ya_Kericho
Niongeze la huku Kenya, kwa sababu sisi wa majani chai tunaishi katikati ya hayo mawili. KTDA ilikuwa shirika la serikali tangu 1964, ikabinafsishwa mwaka 2000. Wakulima tunamiliki kampuni za viwanda, na kampuni za viwanda ndizo zinamiliki KTDA. Kwa hivyo mimi ni mwanahisa, siyo mwanachama wa ushirika.

Upande wa pesa, sisi hulipwa kama ushirika: kila mwezi malipo ya awali kwa kilo, halafu bonasi mwisho wa mwaka, pia kwa kilo ulizopeleka. Lakini kwa kura ni hadithi ingine. Kuchagua mkurugenzi wa kiwanda kumekuwa na vita ya muda mrefu, wengine wakitaka hisa zihesabiwe, wengine wakitaka mkulima mmoja kura moja. Wakati wa Sheria ya Chai ya 2020 ndiyo moto uliwaka zaidi, mpaka kortini. Mkulima mdogo alikuwa na hisa chache za wakati kiwanda kinajengwa, jirani amenunua nyingi, na wote wanapeleka majani kiwanda kimoja.

Somo langu kwenu: mnaweza kuandika kwenye katiba ya kampuni kwamba mgao ni kwa kilo. Haikatazwi. Lakini kilichoandikwa na wanahisa kinaweza kufutwa na wanahisa, na hapo inarudi kwa nani ana kura ngapi. Tena sheria yetu ya ushirika inasema mwanachama mmoja mmoja hawezi kushika zaidi ya moja ya tano ya hisa zote. Mzee wenu na hiyo asilimia 40 huku hangepita.

Alizeti_Kongwa
Asante sana ndugu wa Kericho. Sasa twende kwenye pesa yenyewe, maana mzee anachotaka kujua ni atapata ngapi. Tukikamua msimu mzuri tunakadiria tani 85 za wanachama.

Mama_Ghala
Tufanye hesabu moja, mkaioneshe mkutanoni. Ni mfano, namba badilisheni.

Tuseme mwisho wa mwaka, baada ya mishahara, umeme, matengenezo na uchakavu wa mashine, kimebaki milioni 10.5.

Mkiwa kampuni, hiyo ni faida kabla ya kodi. Tuache kodi pembeni ili mfano usiwe mzito. Ikigawiwa yote, mzee mwenye asilimia 40 anachukua milioni 4.2. Mama mwenye laki tano ana asilimia 1.25, anapata shilingi 131,250. Haijalishi mama huyo alileta kilo elfu nne na mzee akaleta elfu mbili. Kampuni haiangalii gunia, inaangalia hisa.

Mkiwa chama, nashauri milioni 16 za mzee zigawanywe: milioni moja iwe hisa zake, 15 ziwe mkopo kwa chama kwa riba, tuseme asilimia 10. Riba ni milioni 1.5, inatoka kwanza kama gharama. Inabaki ziada ya milioni 9. Hapo hamruhusiwi kula yote, kuna akiba ya lazima. Nimeweka asilimia 20, yaani milioni 1.8, na hiyo haina jina la mtu. Inabaki milioni 7.2. Hisa zote sasa ni milioni 25. Mkutano mkuu ukiamua kulipa asilimia 5 juu ya hisa, ni milioni 1.25. Inabaki milioni 5.95. Hiyo ndiyo inayorudi kwa kilo: gawanya kwa kilo 85,000, ni shilingi 70 kwa kilo.

Yule mama wa kilo elfu nne anapata 280,000 za kilo na 25,000 za hisa, jumla 305,000. Mzee anapata riba milioni 1.5, hisa 50,000, kilo 140,000: jumla milioni 1.69. Ni pungufu sana ya milioni 4.2, simfichi. Lakini riba yake haitegemei msimu. Kwenye kampuni, mwaka wa ukame hakuna faida na hakuna gawio.

Kalamu_na_Daftari
Mama, hesabu imekaa vizuri ila naona shimo. Mkopo wa milioni 15 unarudishwa lini? Tuseme miaka mitatu, ni milioni 5 kila mwaka. Kurudisha mkopo siyo gharama, kwa hiyo haionekani kwenye ile ziada. Mkigawa milioni 5.95 taslimu na huku mnamlipa mzee milioni 5, hela inatoka wapi?

Mama_Ghala
Swali la mtu aliyeshika vitabu. Inatoka kwenye uchakavu. Mali ya milioni 40 tukiihesabia miaka minane, uchakavu ni milioni 5 kwa mwaka; umeshakatwa kwenye hesabu lakini haujatoka benki. Ndiyo huo unamlipa mzee. Ubaya wake ni kwamba miaka mitatu ya mwanzo hamtakuwa mmeweka kitu cha kubadilisha mashine zaidi ya ile akiba. Ningekuwa mimi, miaka hiyo malipo ya kilo yangekuwa nusu taslimu, nusu iandikwe hisa kwa jina la kila mwanachama kulingana na kilo zake. Wanachama hawalipendi hilo, nasema mapema. Mkutano mkuu ndio uamue.

Mjomba_Newala
Huku kwenye korosho tunalipwa kwa awamu, na ile ya mwisho ikija tunaiita majaliwa. Swali langu ni tofauti kidogo. Mimi nina hisa kwenye AMCOS yetu tangu zamani. Chama kimejenga ghala, kimenunua pikipiki na kiwanja. Sasa nahamia kwa mwanangu Dar. Nikitaka kuuza hisa zangu kwa thamani ya ghala na kiwanja, namuuzia nani?

Mama_Ghala
Mjomba, kwa thamani ya ghala huuzi. Unarudishiwa kile ulichoweka, kwa utaratibu wa masharti ya chama chenu, au hisa zinahamishiwa kwa mwanachama mwingine au mrithi. Ghala na kiwanja vinabaki vya chama. Ungekuwa na hisa za kampuni, kiwanja kikipanda bei na hisa zako zimepanda, ukipata mnunuzi ambaye bodi inamkubali.

Mjomba_Newala
Sasa huo si wizi? Miaka yote nimekatwa ushuru wa chama kwenye kila kilo, ghala limejengwa kwa korosho zangu, natoka na hisa za bei ya zamani.

Mama_Ghala
Siyo wizi, lakini malalamiko yako yana uzito na siwezi kuyafuta. Ghala ulilolikuta ukiingia lilijengwa na waliokutangulia, nao hawakukudai. Wewe ulitumia, unaacha. Hiyo inaleta tatizo moja la kweli: mzee anayekaribia kuacha kilimo hana hamu ya kupitisha kwenye mkutano uwekezaji wa muda mrefu, maana hatafaidi. Nimeona mikutano ikikataa kutenga fedha za ghala kwa sababu hiyo hiyo. Vyama vinavyoandika sehemu ya ziada kama hisa kwa jina la mtu vinapunguza machungu hayo, haviyamalizi.

Binti_Urambo
Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyegusa madeni, na huko ndiko sisi wa tumbaku tulikoungua. Tuliambiwa chama kina ukomo: kikifa na deni, mwanachama anapoteza hisa zake basi. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini AMCOS yetu ilichukua mbolea na pembejeo kwa mkopo wa pamoja. Msimu ulipoisha, waliolima hafifu na waliotorosha tumbaku kuuza pembeni hawakufikia deni lao. Malipo ya tumbaku yote yanapita akaunti ya chama. Benki ikakata deni lote kwanza, kilichobaki ndiyo tukagawana. Baba alikuwa na tumbaku ya daraja zuri, alipokea kiasi ambacho hakikutosha hata vibarua. Hakuna aliyekuja kuchukua ng'ombe wetu. Hawakuhitaji, walishika hela njiani.

Mama_Ghala
Binti, pole sana kwa baba. Watu wa Kongwa, msome huu ujumbe mara mbili.

Ukomo wa madeni unazuia mdai kuja nyumbani kwako. Hapo kampuni ya hisa na chama chenye ukomo vinafanana: hisa ulizolipa zinaweza kupotea, na hisa ulizoahidi ukawa hujalipa utadaiwa uzikamilishe. Kwenye chama kuna nyongeza, kwamba ukijitoa leo, deni lililokuwepo siku unatoka bado linaweza kukufuata kwa muda uliotajwa kisheria, ili watu wasikimbie wote siku chama kinapoyumba.

Tofauti kubwa ni hiyo aliyoisema Binti. Mwanahisa wa kampuni amepeleka pesa yake mara moja, basi. Mwanachama wa ushirika anapeleka mazao yake kila msimu, kwa hiyo kila msimu ana mali mikononi mwa chama. Kwenu kinga ni kuandika kwenye masharti kwamba chama hakikopi kwa niaba ya mtu mmoja mmoja. Mkopo wa mashine ni wa chama, unalipwa na mashine. Mkopo wa mbegu wa mtu ni wake. Pia mkutano mkuu uweke kila mwaka kikomo cha kukopa, kiwango ambacho bodi haiwezi kukivuka, na Mrajis akiidhinishe. Mkaguzi akija, iwe COASCO au mwingine aliyekubaliwa, mwulizeni kwanza kama bodi imekivuka.

Simba_wa_Njia
Kwa hiyo kwenye kampuni mkulima yuko salama zaidi. Si ndiyo nilisema?

Kalamu_na_Daftari
Inategemea benki, mkuu. Mimi nimekaa upande wa wakopaji. Kampuni ndogo isiyo na historia ikiomba mkopo, benki inawaambia wakurugenzi waweke saini ya dhamana binafsi, mara nyingi na hati ya nyumba. Ukishasaini hivyo ukomo wa kampuni haukusaidii wewe uliyesaini. Na bodi ya ushirika nayo ikifuja, sheria inaruhusu wahusika watakiwe kurudisha kutoka mifukoni mwao. Ni uzembe wao unaolipiwa hapo, siyo deni la chama.

Majani_ya_Kericho
Kuna kisa cha Rochdale, Uingereza, ambacho kila mtu wa ushirika hukitaja kwa duka lao la 1844. Ni wachache hutaja kiwanda. Baadhi ya watu hao hao walianzisha kiwanda cha nguo 1854, wakasema wafanyakazi wapate sehemu ya ziada pamoja na wenye hisa. Kiwanda kikahitaji mtaji, wakaingia watu wenye pesa ambao hawakufanya kazi pale. Wakawa wengi. Mwaka 1862 ule mgao wa wafanyakazi ukafutwa kwa kura. Kwa hivyo Mama, kura moja kila mtu haitoshi ikiwa mlango umefunguliwa kwa wasioleta alizeti.

Mama_Ghala
Umenisaidia sana. Ndiyo maana masharti yaseme mwanachama ni mkulima wa alizeti wa eneo hilo, na asiyeleta kilo misimu miwili mfululizo bila sababu uanachama wake ujadiliwe. La sivyo baada ya miaka kumi mtakuwa na wanachama wenye maduka mjini wanaopigia kura bei ya kukamua.

Alizeti_Kongwa
Narudi na mrejesho. Jana tulikaa na mzee, nikamwonesha hesabu ya Mama kwenye karatasi. Alikaa kimya muda, akauliza maswali mawili. Kwanza, kama ni mkopo, yeye anashika nini mpaka alipwe? Anataka mashine iandikwe dhamana kwa jina lake. Pili, msimu ukifa kabisa na chama kikashindwa kulipa, anaruhusiwa kuichukua mashine na kuikamulisha mwenyewe? La asilimia 40 ya kura amelilegeza, lakini anataka nafasi kwenye bodi.

Mama_Ghala
Dhamana ya mashine ni haki yake, mkopeshaji yeyote angeidai. Iandikwe kwa mkataba na isajiliwe, na kabla hamjasaini mpelekeeni afisa ushirika, maana chama hakiweki mali rehani kwa mdomo. Nafasi ya bodi agombee kama wengine. Akichaguliwa, atoke nje ya kikao kila mkopo wake unapojadiliwa, na hilo liwe kwenye masharti. La kuichukua mashine ndilo gumu. Mimi ningeweka msimu mmoja wa kuahirisha malipo kabla hajaruhusiwa kuigusa.

Kalamu_na_Daftari
Mimi ningeweka miwili. Kongwa ukame huwa haupigi hodi mara moja.

Alizeti_Kongwa
Yeye hata huo mmoja anasema ni mrefu. Jumapili tunakutana wote 34. Nikitoka pale nitaandika walichoamua kuhusu huo msimu.